Je, wajua kwa nini neno linalojirudia sana kwenye shajara linaweza kukudanganya?

Swali nililoulizwa ni hili: "Nina shajara ya mtu ya miaka sita, ishataipiwa yote, kurasa kama 400. Naifupishaje kwa mada zinazojirudia na pale mambo yalipogeuka, bila kumlisha mwandishi wake maneno?"

Kabla hujagusa mada yoyote, jua kwanza hiyo shajara ilikuwa inaandikiwa nini. Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa, tarehe 14 Julai 1789, siku ngome ya Bastille ilipovamiwa na mapinduzi yakawaka, aliandika kwenye daftari lake neno moja tu, maana yake "hakuna kitu", na watu wengi wamelichukua kama ushahidi kwamba nchi inawaka na mfalme wala hana habari. Kumbe lile daftari kwa sehemu kubwa lilikuwa la kuandikia mawindo yake, na "hakuna kitu" maana yake siku ile hakuwinda. Neno limenukuliwa sawasawa, herufi kwa herufi, na bado maana imepotoka, kwa sababu tu aliyenukuu hakujua daftari ni la nini.

Kwa hiyo soma siku kama 30 hivi kutoka mwanzo, 30 katikati na 30 mwishoni, bila kuandika muhtasari wowote. Jiulize tu huyu mtu hushika kalamu lini. Wengi huandika sana wakiwa wameumia, wakiwa na raha wanaandika mistari miwili au wanapitisha mwezi mzima kimya, yani ukihesabu kurasa utatoka na mtu mwenye huzuni kuliko alivyokuwa. Ndo maana mimi nahesabu siku zilizoandikwa, sihesabu kurasa, na miezi isiyo na kitu naiandika hivyohivyo, "Juni hadi Agosti hakuandika", basi, sijazii kwamba aliumwa au alikata tamaa.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme ni shajara ya mama mmoja, siku zilizoandikwa ni 900. Unafungua jedwali lenye safu nne: tarehe, maneno yake mwenyewe, hiyo siku inahusu nini, na safu ya mwisho ya mashaka. Hiyo ya mwisho watu huiruka na ndiyo inayookoa kazi. Ndani yake unaweka neno ambalo aliyetaipu ameshindwa kulisoma, mstari uliokatwa kwa kalamu, pia kila "labda" na "nadhani" ya mwandishi, maana hizo ndo za kwanza kupotea kwenye muhtasari, mtu kaandika "labda nimekosea kuja huku" we unatoka na "alijutia kuhama".

Halafu kuna kile kiambishi chetu cha "a-". Mama anaandika "amekuja leo, hatukuongea". Nani? Mume, kaka, jirani, mwanamke au mwanaume, Kiswahili hakikuambii, na wakati anaandika hakuhitaji kujiambia mwenyewe. Siku tatu nyuma alikuwa anamtaja kaka yake kwa hiyo mkono unakuwasha kuandika "kaka". Usiandike, weka kwenye mashaka. Nimeshaona ugomvi mzima wa kifamilia ukijengwa kwa kiambishi kimoja kilichojazwa jina na mtu aliyekuwa na haraka.

Tuje kwenye mada zenyewe. Unapita jedwali unaona neno "kimya" limetokea siku 41, nyumba iko kimya, kimya tena, usiku wa leo kimya. Kichwani linakuja "upweke" na unaliandika kama mada. Subiri kwanza. Sachi "upweke" kwenye faili zima, halipo hata mara moja, hilo ni neno lako wewe. Sasa rudi usome zile siku 41 moja baada ya nyingine, kila moja pamoja na siku iliyotangulia na inayofuata. Kwenye mfano wetu 11 ni malalamiko ("kimya hadi masikio yanalia"), 24 ni nafuu kabisa ("kimya, alhamdulillah, nimekunywa chai ikiwa moto"), na 6 huwezi kujua. Kumbe mada siyo upweke. Mada ni kimya, kama alivyokiita mwenyewe, na kina sura mbili. Ungehesabu neno bila kusoma ungempa huzuni ambayo zaidi ya nusu ya hizo siku hakuwa nayo.

Na ukizipanga kwa tarehe unaona kitu kingine, yale malalamiko 11 yote yako mwaka wa kwanza na mwanzoni mwa wa pili, nafuu zinaanza Mei ya mwaka wa pili kwenda mbele. Yani kuna mahali mambo yaligeuka, ila ni wapi hasa?

Hapa ndo wengi tunateleza, tunachagua siku yenye kelele. Tarehe 9 Aprili mama kaandika kurasa nne juu ya ugomvi na kaka yake, machozi, maneno makali, na kwa msomaji inanukia mageuko kweli kweli. Lakini soma siku 20 kabla yake na 20 baada yake uone kama kuna kilichobadilika. Wiki moja baadaye anaandika kaka kaleta mafuta ya taa, wamekula pamoja, na ugomvi anautaja mara mbili tu halafu hautaji tena. Ilikuwa siku ngumu, ila haikugeuza kitu ambacho shajara inaweza kukuonyesha. Nenda tarehe 2 Mei sasa, mstari mmoja: "Nimelala mchana, hakuna aliyeniuliza kitu." Ungeupita. Ila miaka miwili mbele anaandika, "tangu ile siku niliyolala mchana ndo nyumba hii imekuwa yangu". Mwenyewe kaonyesha kidole.

Bado usikimbilie kusema kwamba siku ile maisha yake yalibadilika, kwa sababu siku ile yeye hakujua. Alijua baadaye, akiangalia nyuma, na mtu akiangalia nyuma hupanga mambo upya. Mimi kila mageuko nayapa alama: aliyasema siku hiyohiyo, aliyasema baadaye, au nayaona mimi tu kwa kupanga tarehe. La tatu siyo kosa, ila msomaji lazima ajue ni langu.

Ukimaliza, pitia muhtasari sentensi kwa sentensi na kila moja iwekee tarehe zake. Isiyopata tarehe inatoka, hata kama ni nzuri. Kila mada itafutie pia siku inayoipinga, uiweke palepale. Na nukuu zote utakazobaki nazo zirudishe kwenye daftari halisi, siyo kwenye taipu, maana anayetaipu huwa "anarekebisha" bila kujua, na "sikulia" ikikosewa herufi moja inakuwa "nikulia", mwingine anaisahihisha inakuwa "nikalia".

Kwa yule mama, kipande cha muhtasari kingesomeka hivi: "Kimya cha nyumba anakitaja siku 41. Hadi Aprili ya mwaka wa pili analalamika (siku 11), kuanzia Mei mara nyingi anakifurahia (24), siku 6 haijulikani. Tarehe 2 Mei aliandika tu kwamba alilala mchana. Miaka miwili baadaye aliitaja siku hiyo kuwa ndiyo nyumba ilipokuwa yake. Ugomvi wa 9 Aprili ndio aliouandika kwa urefu kuliko yote, lakini baada ya hapo aliutaja mara mbili tu."