Jina la Babu Halingoji Matanga

Juzi kijana aliyekuja nimchoree ukoo wake aliniambia, "Mzee, andika babu alifariki kabla ya 1991. Ndio mwaka niliozaliwa nikapewa jina lake." Nikaweka kalamu chini. Ni mara ya ngapi sasa? Kwetu Wakikuyu jina la babu halingoji matanga. Nilipompigia simu shangazi yake, kumbe mzee alizikwa 2004, na huyo kijana alikuwa akimchungia mbuzi.

Utaratibu mnaujua: mvulana wa kwanza ni babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, wasichana vivyo hivyo kwa bibi zao. Baadaye ndipo zamu ya ndugu za wazazi.

Kinachowapoteza watu ni neno "kuzaliwa". Bibi akisema "nimezaliwa kwa Mwangi", ana maana kwamba nyumba ya mwanawe Mwangi imepata msichana mwenye jina lake. Anayasema hayo akimenya viazi, mzima kabisa. Ndiyo maana bibi humtania mjukuu mwenye jina la babu kwa kumwita "mume wangu", na baba mtu humwita mwanawe "baba". Jaribu sasa kumchapa mtoto unayemwita baba, mama yako akiwa jikoni anasikia!

Nakiri lipo jina linalonipunguzia ukali. Kariuki linatokana na neno la kufufuka. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba wazee hawakuwa na wazo la mtu kurudi. Ninachokataa ni kuligeuza wazo hilo kuwa cheti cha kifo.

Lawama za wazee ambao hawajapewa wajukuu wenye majina yao huanzia kwenye hesabu. Chukua mume aliyezaliwa na Kamau na Wanjiru, mkewe akazaliwa na Njoroge na Nyambura. Wakipata mvulana mmoja na msichana mmoja wakafunga uzazi, watoto ni Kamau na Wanjiru. Njoroge na Nyambura hawakuzaliwa katika nyumba hiyo. Wakipata wavulana wawili, mababu wote wametosheka na mabibi wote wamenuna. Ili wazee wote wanne wazaliwe, lazima wapatikane wavulana wawili na wasichana wawili. Enzi za watoto wanane haikuwa shida. Siku hizi nimeona mama mkwe akimuuliza mkaza mwana mbele ya wageni, "Mimi nitazaliwa lini?" Mkaza mwana huyo alikuwa ametoka upasuaji wiki iliyotangulia.

Kwa mchora ukoo, jina lisilokaa mahali pake ni dalili. Kifungua mimba wa kiume akiwa Njoroge badala ya Kamau, mara nyingi alizaliwa mama akiwa bado kwao, akapewa jina la upande wa mama. Au palikuwa na Kamau mwingine aliyefia uchangani na hatajwi. Hapo sipazi sauti. Namsubiri shangazi nje, karibu na tangi la maji, kisha nauliza.