Gawio kubwa halifanyi hisa iwe na thamani kubwa

Karibu kila anayejifunza kukokotoa uwiano stahiki wa bei kwa mapato huniletea hoja ileile: kampuni ikiongeza gawio, uwiano hupanda, kwa hiyo hisa yake inastahili bei ya juu zaidi. Fomula inaonekana kumuunga mkono:

```
P/E = d / (r − g)
```

Hapa d ni sehemu ya faida inayolipwa kama gawio, r ni kiwango cha faida anachodai mwekezaji, na g ni kasi ya ukuaji. Kwa kuwa d iko juu ya mstari, anaipandisha na kuacha g ilivyo. Hilo haliwezekani! Pesa iliyokwisha kugawiwa wanahisa haiwezi tena kukuza kampuni. Ikiwa R ni faida ambayo kampuni hupata kwa mtaji wa wanahisa, basi:

```
g = (1 − d) × R
```

Tuseme R ni 20%, r ni 15%, na kampuni inagawa 40% ya faida. Inabakiza 60%, kwa hiyo inakua kwa 12%, na uwiano ni 0.40 / 0.03, yaani 13.3. Mteja wangu anapandisha d hadi 60%, anaacha g kwenye 12%, anapata 20 na kutaka kununua. Ukweli ni kwamba ukuaji umeshuka hadi 8%, na uwiano ni 0.60 / 0.07, yaani 8.6. Gawio limepanda, thamani imeshuka.

Wengine wakishaelewa hili hukimbilia upande wa pili na kusema kampuni ibakize faida yote. Nao wanakosea. Kampuni ileile ikiwa na R ya 10%, ikigawa 40% uwiano ni 4.4, ikigawa 60% unafika 5.5. Kila pesa inayobaki ndani yake inapata pungufu ya kile mwekezaji anachodai, hivyo ukuaji wenyewe unakula thamani. R ikilingana na r, uwiano ni 6.7 hata ukigawa vipi.

Ndiyo maana nasisitiza: kabla ya kugusa d, tafuta R ya miradi mipya. Wastani wa miaka iliyopita unaweza kukupotosha, kwa sababu pesa inayobakizwa leo inaingia kwenye miradi ijayo.

Kuhusu wanaolinganisha jibu hili na bei iliyogawanywa kwa mapato ya mwaka uliopita: fomula hii ni ya mapato ya mwaka ujao. Kwa mapato yaliyopita, zidisha kwa (1 + g), ile 13.3 inakuwa 14.9.

Na kwa wanaoamini jibu ni bei kamili: katika mfano wa kwanza, kosea g kwa asilimia moja tu, uweke 13% badala ya 12%, na 13.3 inaruka hadi 20. Pengo kati ya r na g likiwa dogo hivyo, siitumii fomula hii kuamua kununua. Isitoshe, hakuna kampuni inayokua kwa 12% milele.