Anwani iko, lakini pochi haipo: kwa nini USDC hukataa kuingia kwenye Stellar

Mdogo wangu anakaa Umoja na hutafsiri nyaraka za wateja walio nje ya nchi. Mwezi uliopita alipakua pochi mpya ya sarafu za kidijitali, akamtumia mteja anwani yake, kisha akasubiri USDC 60, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, kupitia mtandao wa Stellar. Usiku akaniletea simu: "Kaka, huyu mteja ananizungusha. Anasema pesa imekataa." Picha ya skrini aliyotumiwa ilikuwa na maneno haya:

```
op_no_destination
```

Mteja hakuwa anamzungusha. Pochi ya kupokelea ndiyo haikuwa tayari, na ugomvi wa aina hii nimeusuluhisha mara nyingi kiasi kwamba nimeona niuandike.

Dhana: Nikishapata anwani, tayari nina akaunti.

Anwani ya Stellar, ile ndefu inayoanza na G, hutengenezwa ndani ya simu yako, hata bila intaneti. Mtandao wenyewe bado haujui kwamba upo. Akaunti huzaliwa pale mtu anapotuma XLM, sarafu ya Stellar yenyewe, ya kuifungulia, na kiasi cha chini ni XLM 1. Kuhakikisha ni rahisi: fungua kivinjari, weka anwani yako mwishoni mwa kiungo hiki.

```
https://horizon.stellar.org/accounts/
```

Ukijibiwa `404`, akaunti haijafunguliwa. Ya mdogo wangu ilijibu hivyo hivyo.

Dhana: XLM 1 ikiingia, USDC nayo itaingia.

Hapa hata mimi nilikosea kwa haraka. Nilimtumia XLM 1 kamili, akaunti ikafunguka, nikamwambia amwite mteja. Mteja akajaribu tena, safari hii likaja `op_no_trust`.

Stellar haimruhusu mtu yeyote kukurundikia tokeni kama USDC usizozitaka. Kila tokeni lazima uikubali kwanza kwa kuweka `trustline`, yaani idhini inayotaja jina la tokeni pamoja na aliyeitoa. Kwa USDC, mtoaji ni kampuni ya Circle. Ukiidhinisha USDC ya mtoaji mwingine aliyeiga jina, ile halisi bado itakataliwa kwa kosa lilelile, kwa hiyo mtazame mtoaji kabla ya kubonyeza.

Idhini moja huongeza XLM 0.5 kwenye salio la chini, yaani XLM inayofungiwa ambayo akaunti lazima ibaki nayo. Mdogo wangu alihitaji XLM 1.5 pamoja na ada ya XLM 0.00001. Kwa kuwa alikuwa na 1 tu, na yote imefungiwa, hata ada hakuweza kuilipa. Simu ikaandika `tx_insufficient_balance`. Nikamwongezea XLM 1, akaweka idhini, na USDC 60 zikaingia baada ya sekunde chache.

Alibaki na XLM 1.99999. Ukitoa 1.5 zilizofungiwa, alizoweza kutumia ni 0.49999. Angetaka kuongeza tokeni ya pili angekwama, kwa sababu inahitaji 0.5 nyingine. Ndiyo maana sasa huwa natuma XLM 3 kwa anayeanza.

Dhana: Mtumaji angeweza kunilipia kila kitu.

Wanaosema hivi mara nyingi wametoka Solana, mtandao mwingine wenye sarafu yake ya SOL. Kule pia kila tokeni huhitaji akaunti yake, inayoshikilia takriban SOL 0.00204, lakini mtumaji anaweza kukufungulia katika muamala uleule wa malipo, na pochi nyingi hufanya hivyo bila kukuuliza. Kwenye Stellar mtu anaweza kugharamia salio lako la chini, ila idhini ni lazima uitie sahihi wewe mwenyewe.

Dhana: Muamala ukifeli, pesa imepotelea njiani.

Hapana. USDC hazikutoka kwa mteja kabisa. Kilichoweza kukatwa ni ada. Pesa ya kuhangaikia zaidi ni ile iliyofika kwenye soko la kubadilishia sarafu bila `memo` sahihi, yaani alama inayoonyesha mteja wa kupewa pesa hiyo, kwa sababu muamala huo huonekana umefaulu, lakini soko halijui ni ya mteja yupi.

Dhana: XLM iliyofungiwa imeliwa na mtandao.

Ni yako, imeshikiliwa tu. Ukitaka kuitoa, fuata mpangilio: kwanza maliza salio lote la USDC, maana idhini haiondoki tokeni ikiwa bado imo. Ondoa idhini, 0.5 itafunguka. Mwisho funga akaunti kwa `account_merge`, na XLM yote iliyobaki itahamia kwenye akaunti nyingine utakayoitaja. Ipeleke kwenye pochi yako nyingine iliyokwisha kufunguliwa, wala si moja kwa moja kwenye soko, maana si masoko yote yanayotambua XLM iliyoingia kwa njia hiyo.