Usanisi wa asidi ya mafuta: sitrati inavyovusha asetili-CoA, na ACC inavyolinda lango

Usanisi wa asidi ya mafuta ni kuunganisha vipande vya kaboni mbili mbili mpaka upatikane mnyororo mrefu, mara nyingi palmitati yenye kaboni 16. Kazi hii hufanyika kwenye saitosoli, yaani majimaji ya seli yaliyo nje ya mitokondria, na malighafi yake ni asetili-CoA. Hapo ndipo shida inapoanza. Asetili-CoA inayotokana na glukosi huzaliwa ndani ya mitokondria, na utando wa ndani wa mitokondria hauipitishi. Kiwanda kiko upande mmoja wa ukuta, malighafi upande wa pili.

Seli huivusha kwa kuibadili sura. Ndani ya mitokondria asetili-CoA huunganishwa na oksaloasetati, ikawa sitrati, hatua ileile inayofungua mzunguko wa Krebs. Sitrati ina protini yake ya kuibeba kwenye utando wa ndani, na protini hiyo hufanya kazi kwa kubadilishana: sitrati moja ikitoka, malati moja huingia. Ikishafika saitosoli, kimeng'enya kiitwacho ATP-sitrati laiesi huipasua kwa gharama ya ATP moja na CoA moja, na zinarudi zilezile mbili zilizoungana: asetili-CoA na oksaloasetati.

Lakini kwa nini sitrati itoke, badala ya kuendelea na mzunguko? Kwa sababu mbele yake pana breki. Seli ikiwa imeshiba, ATP na NADH ndani ya mitokondria hupanda, na zote mbili hukizuia kimeng'enya cha isositrati dehidrojinesi. Isositrati hurundikana. Na kwa kuwa mwitikio kati ya sitrati na isositrati unaenda pande zote mbili huku ukiegemea sana upande wa sitrati, rundo lenyewe huwa la sitrati. Kwa hiyo sitrati inayoonekana kwenye saitosoli inabeba kaboni, na papo hapo ni dalili kwamba mitokondria imetosheka na nishati. Ishike hoja hii, maana udhibiti wote unaofuata umejengwa juu yake.

Oksaloasetati iliyobaki saitosoli haiwezi kurudi ilivyo, kwa kuwa nayo haina mbebaji wa kuirudisha. Kwanza hupokea elektroni kutoka kwa NADH, ikawa malati. Malati ina njia mbili. Inaweza kurudi moja kwa moja ndani ya mitokondria, au inaweza kupita kwenye kimeng'enya cha maliki, kinachoondoa CO₂ na kuacha piruvati pamoja na NADPH moja. Piruvati huingia mitokondria, na piruvati kaboksilesi huirudisha kuwa oksaloasetati kwa ATP moja. Ukiitazama njia hii ya pili kwa makini, utaona seli imebadilisha NADH kuwa NADPH, na imelipa ATP kwa ajili ya mabadilishano hayo. Si hasara, kwa sababu usanisi wa mafuta hautumii NADH, unataka NADPH.

Hesabu ya palmitati moja inaonyesha jinsi mambo yanavyoshikana:

```
8 asetili-CoA + 7 ATP + 14 NADPH + 6 H⁺ →
palmitati + 14 NADP⁺ + 8 CoA + 6 H₂O + 7 ADP + 7 Pi
```

Asetili-CoA 8 hutoka kwenye glukosi 4. Glukosi hizo 4 zikivunjwa hadi piruvati hutoa NADH 8 kwenye saitosoli. Sitrati 8 zikipasuliwa huacha oksaloasetati 8, na kuzigeuza zote kuwa malati kunahitaji NADH 8. Idadi ni ileile. Malati zote 8 zikipitia kimeng'enya cha maliki, zitatoa NADPH 8, na zitabaki 6 za kutafuta kwingine. Chanzo kikuu cha hizo ni njia ya pentosi fosfeti, ambako kila glukosi inayopita sehemu ya kwanza hutoa NADPH 2. Glukosi 3 zinatosha. Kwa upande wa ATP, zile 7 za kwenye mlinganyo si bili yote. Ongeza 8 za kupasua sitrati na 8 za piruvati kaboksilesi, unafika 23. Chukulia hesabu hii kama kikomo: kadiri malati nyingi zinavyorudi mitokondria bila kupitia kimeng'enya cha maliki, ndivyo NADPH nyingi zaidi zinavyohitajika kutoka njia nyingine, na ndivyo ATP za piruvati kaboksilesi zinavyopungua.

(Ng'ombe na wanyama wengine wanaocheua hawategemei sana njia hii. Vijidudu vya tumboni mwao huzalisha asetati kwa wingi, na asetati hugeuzwa kuwa asetili-CoA papo hapo kwenye saitosoli.)

Kuwa na asetili-CoA saitosoli hakutoshi kuanza kujenga mafuta. Lazima nyingi kati yake zipite kwanza kwenye asetili-CoA kaboksilesi, kwa kifupi ACC, zigeuzwe kuwa malonili-CoA yenye kaboni 3. ACC hufanya kazi kwa hatua mbili. Sehemu yake moja hutumia ATP kubandika kaboni ya baikaboneti juu ya biotini, ambayo imeshikamana na protini kama mkono unaoning'inia. Mkono huo huzunguka hadi sehemu ya pili, na hapo kaboni huhamia kwenye asetili-CoA. Kati ya asetili-CoA 8 za palmitati, 7 hupitia hapa. Ile ya kwanza huingia bila kubadilishwa na kuwa kaboni ya 15 na ya 16, zile za mwisho wa mkia.

Wengi hujikwaa hapa: baikaboneti inahitajika, lakini kaboni yake haibaki kwenye mafuta. Ukiweka baikaboneti yenye kaboni ya mionzi, palmitati hutoka bila mionzi. Sababu ni kwamba kila malonili inapounganishwa na mnyororo, kaboni ileile iliyobandikwa huondoka kama CO₂. Kuondoka kwake ndiko kunakousukuma mwitikio mbele usirudi nyuma. ATP iliyolipwa kwenye ACC ilikuwa bei ya msukumo huo. Kazi inayobaki ya kurefusha mnyororo hufanywa na asidi-mafuta sinthesi, protini moja kubwa yenye shughuli saba, ambayo huendelea bila mengi ya kusimulia mradi malonili-CoA na NADPH zipo.

Kwa hiyo lango ni ACC, na lina kufuli la aina mbili.

Kufuli la kwanza ni la papo hapo. ACC ikiwa jozi ya protini mbili huwa karibu imelala. Sitrati ikiishika, jozi hujipanga moja baada ya nyingine kuwa uzi mrefu, na uzi huo ndio wenye kasi. Palmitoili-CoA, ambayo ni zao la mwisho likiwa tayari kutumika, huufumua uzi. Basi sitrati inaposema malighafi ipo na nishati ipo, palmitoili-CoA hujibu kwamba mafuta yanatosha.

Kufuli la pili ni fosfeti. Seli ikipungukiwa nishati, AMP hupanda na kuiamsha kinesi iitwayo AMPK, nayo huibandika ACC fosfeti kwenye serini ya 79, kwa hesabu ya ACC1 ya panya. Glukagoni na adrenalini nazo huisukuma ACC upande huohuo wa kuzimwa, na insulini huirudisha kwa kuwezesha fosfeti kuondolewa. Makufuli haya mawili hayako mbalimbali. ACC yenye fosfeti haijafa. Imekuwa nzito kusikia. Huhitaji sitrati nyingi zaidi ili iamke, na palmitoili-CoA huizima kwa urahisi zaidi.

Chukua ini moja katika nyakati mbili. Baada ya mlo wenye wanga mwingi, insulini imepanda, ACC haina fosfeti, na sitrati inatiririka kutoka mitokondria. Malonili-CoA hupanda, mafuta hujengwa. Malonili-CoA hiyohiyo hukizuia CPT1, kimeng'enya kinachoingiza asidi za mafuta ndani ya mitokondria zikachomwe, kwa hiyo mafuta mapya hayajengwi upande huu na kuchomwa upande ule. Kizuizi hicho hutegemea hasa ACC2, ndugu wa ACC1 aliyejishikiza kwenye utando wa nje wa mitokondria, jirani kabisa na CPT1. Sasa subiri usiku upite bila chakula. Glukagoni imechukua nafasi, ACC ina fosfeti, na asidi za mafuta zinazotoka kwenye tishu za mafuta zimepandisha palmitoili-CoA ndani ya ini. Oksaloasetati ya mitokondria nayo inavutwa kwenda kutengeneza glukosi. Malonili-CoA hushuka, CPT1 hufunguka, na ini linachoma mafuta badala ya kuyajenga.

Anayepima ACC maabara hudanganyika kwa urahisi, na karibu kila kosa linatokana na makufuli haya. Ukipima kasi yake bila kuweka sitrati, unaweza kudhani kimeng'enya hakipo, kumbe kimelala. Desturi ni kuipasha kwanza pamoja na sitrati ya milimola kadhaa hadi 10. Lakini sitrati hushika magnesi, na ACC hutumia ATP iliyoungana na magnesi. Usipoongeza magnesi, kasi inaweza kushuka kila unapozidisha sitrati, na utaandika kwamba sitrati inaizuia ACC.

Kosa baya zaidi hutokea kabla ya kupima. Ini likikatwa na kuachwa hata kwa muda mfupi bila damu, oksijeni huisha, AMP hupanda, na AMPK huanza kubandika fosfeti. Sampuli ya mnyama aliyeshiba itasomeka kama ya mnyama mwenye njaa. Ndiyo maana tishu hubanwa hapohapo kwa koleo la metali lililopozwa kwenye nitrojeni ya kimiminika. Upande wa pili, ukiisaga tishu kwenye bafa isiyo na floridi au kizuizi kingine cha fosfatesi, fosfeti hubanduliwa ukiwa bado unasaga, na utaona ACC iliyo hai ambayo ndani ya mnyama ilikuwa imezimwa. Dalili ni kwamba ini la mnyama aliyeshiba na la mwenye njaa yanatoa jibu moja: yote yakiwa na fosfeti nyingi, shuku uchelewaji wa kugandisha, yote yakiwa hayana, angalia bafa.