Rangi ya metro haikuambii treni inaelekea wapi

Ninaowapokea huku Washington hunipigia simu na malalamiko yaleyale: "Nimepanda nyekundu kama ulivyoniambia, mbona niko Bethesda?" Aliyepiga mara ya mwisho alikuwa anakwenda Silver Spring. Rangi hakukosea, alikosea upande.

Dhana: ukishajua rangi, umeshajua treni.

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Rangi ni jina la njia tu, na kwenye njia hiyohiyo kuna treni zinazokwenda na zinazorudi. Daladala za Dar nazo zina mistari ya rangi, lakini pale konda anakupigia kelele anakoelekea. Huku hakuna konda. Kazi yake inafanywa na jina la kituo cha mwisho, lililoandikwa kwenye ubao wa jukwaani na kwenye treni yenyewe.

Tuseme umetua Dulles. Unapanda laini ya fedha ya kuelekea mjini, unashuka Metro Center, kisha unapanda nyekundu. Usitafute neno "Silver Spring" ubaoni. Fungua ramani, weka kidole Metro Center, kipeleke hadi Silver Spring, halafu usikiondoe: endelea mpaka njia iishe. Utakuta Glenmont. Hilo ndilo jina la kulisaka. Ukiona Shady Grove, ambao ni mwisho wa upande wa pili, hiyo iache ipite, hata kama imejaa watu na milango iko wazi mbele yako.

Dhana: fuata kaskazini, utafika.

Laini nyekundu imepinda kama herufi U. Glenmont na Shady Grove zote ziko Maryland, kaskazini mwa mji, kwa hiyo dira ya simu haitakusaidia kuchagua.

Dhana: jina la mwisho likibadilika, treni si yako.

Tangu Juni 2025, baadhi ya treni za laini ya fedha huishia Downtown Largo na nyingine New Carrollton. Wageni wanaganda jukwaani Dulles wakisubiri "ile sahihi". Zote mbili zinapita Metro Center. Zinaachana mbele, baada ya Stadium–Armory. Panda yoyote. Jina la mwisho linakuhusu pale tu kituo chako kinapokuwa baada ya njia kugawanyika.

Dhana: ukikosea lazima utoke nje ulipe upya.

Hapana, tafadhali usiguse kadi getini. Nauli inahesabiwa unapotoka. Shuka kituo kinachofuata, ubadilishe upande. Ukiwa umechukua ya Shady Grove kutoka Metro Center, kinachofuata ni Farragut North, na pale jukwaa ni moja, liko katikati ya reli mbili: unavuka hatua chache tu, unasoma ubao, unasubiri Glenmont.