Viza ya Schengen: Anza na Sababu za Kukataliwa

Waombaji wengi wa viza ya muda mfupi ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotambua viza moja, inayoruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180, huzisoma sababu za kukataliwa pale tu wanaporudishiwa pasipoti bila viza. Tunashauri waanze nazo. Nchi zote za Schengen hutumia fomu moja ya kukataa, ambamo ofisa hutia alama kwenye kisanduku cha sababu, na sababu zinazowanasa wengi zina swali lake katika fomu ya maombi na kiambatisho chake katika orodha ya nyaraka zinazotakiwa.

Tuchukue mfanyabiashara wa vitenge wa Kariakoo anayetaka kumtembelea dada yake Hamburg, Ujerumani, kwa siku 14. Katika fomu amejaza kwamba atajilipia mwenyewe, ilhali barua ya mwaliko inasema dada atagharamia kila kitu. Taarifa yake ya benki inaonyesha salio la laki nne au tano kwa miezi mitatu, kisha siku nne kabla ya miadi zinaingia milioni tisa kwa mkupuo. Kila karatasi ni halali, lakini zikisomwa pamoja zinapingana: fedha hizo zinaonekana za kuazima, na haijulikani nani hasa mlipaji. Hapo hutiwa alama kisanduku cha uwezo wa kujikimu, na pengine kile cha lengo la safari kutothibitishwa.

Ikiwa milioni tisa zimetokana na kuuza kiwanja, aambatishe mkataba wa mauzo. Ikiwa mlipaji ni dada, ajaze sehemu ya mdhamini, na dada aende idara ya wageni ya mji wake kusaini ahadi rasmi ya kugharamia, ambayo Wajerumani huiita Verpflichtungserklärung. Barua ya mwaliko ya kawaida haina nguvu ya ahadi hiyo.

Kisanduku kinacholalamikiwa zaidi ni cha shaka kuhusu nia ya kuondoka kabla viza haijaisha. Tiketi ya kurudi pekee haiiondoi, kwa kuwa mtu anaweza kutoitumia. Chenye uzito zaidi ni kinachomfunga mtu nyumbani, kama leseni hai ya biashara, mkataba wa pango la duka, kumbukumbu za kodi na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Mengine ni ya kuhesabu tu. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ukomo wake upite tarehe ya kuondoka Schengen kwa angalau miezi mitatu. Bima iwe ya angalau euro 30,000 na ifunike siku zote za safari. Maombi yawasilishwe si mapema kuliko miezi sita wala chini ya siku 15 kabla ya safari.

Aliyekataliwa ana haki ya kukata rufaa katika nchi iliyotoa uamuzi, ndani ya muda ulioandikwa kwenye fomu hiyo. Anaweza pia kuomba upya, lakini ada ya kwanza hairudishwi, na akirudisha viambatisho vilevile, ofisa atakuta maswali yaleyale hayajajibiwa.