Kutoka picha ya ratiba ya basi hadi jedwali: dhana potofu na ukweli

Ofisi nyingi za mabasi Kampala hubandika ratiba ukutani, na abiria huipiga picha kwa simu. Picha hiyo inafaa kwa safari moja. Ukitaka kulinganisha mabasi ya kampuni kadhaa, au kuwapangia ndugu wanaokuja kutoka Arua na Nairobi, ni vizuri saa zote ziwe katika jedwali la Excel au Google Sheets, kwa muundo mmoja, zikipangwa tangu alfajiri hadi usiku. Wanaojaribu kazi hii hukwama karibu kila mara katika mambo yale yale, kwa sababu wanaamini mambo ambayo si kweli.

Nitatumia bao la mfano nililolitunga, lakini linafanana na mabao halisi kwa jinsi linavyochanganya maandishi:

```
Arua          saa 4 usiku
Fort Portal   saa 3 asubuhi
Gulu          8.30
Kasese        12:30 AM
Kigali        1900hrs
Mbarara       7:00AM
Nairobi       saa 12 jioni
```

Dhana: Simu ikishasoma maandishi kwenye picha, kilichobaki ni kubandika

Kunakili maandishi kutoka kwenye picha ni jambo rahisi siku hizi. Google Lens hufanya hivyo, na Excel ya simu ina `Data from Picture`, inayojaribu kutoa jedwali zima. Lakini programu hizi husoma maumbo ya herufi tu, hazijui maana ya ratiba. Bao likiwa na safu mbili zilizoachana, programu inaweza kusoma majina yote kwanza, kisha saa zote. Sasa chukulia kwamba mbele ya Gulu hapakuandikwa saa. Saa zote zilizo chini ya Gulu zitapanda mstari mmoja: Gulu itapewa saa ya Kasese, na Kasese ya Kigali. Kila saa itaonekana ya kawaida, na hakuna kitakachokushtua. Kwa hiyo mara tu baada ya kubandika, tazama mstari wa mwisho na ulinganishe na picha. Nairobi ikiwa haina saa, safu imehama mahali fulani juu yake.

Makosa ya tarakimu ni magumu zaidi kuyaona. Programu ikisoma 7:70 utajua kuna shida, kwa maana hakuna dakika ya 70. Ikisoma 1:00 badala ya 7:00, au 3 badala ya 8, saa hiyo inawezekana kabisa na jedwali litaipokea. Piga picha ukiwa umesimama mbele ya bao, usilipige kwa upande, na zima flashi kama bao limefunikwa kwa plastiki. Kisha soma kila tarakimu kwa jicho lako, mstari kwa mstari.

Kabla hujagusa kitu kingine, ongeza safu ya namba, 1 hadi 7, inayoonyesha mpangilio wa bao. Acha pia safu ya maandishi kama yalivyo, na saa zilizosafishwa uziweke kwenye safu mpya pembeni. Ukishapanga jedwali upya, namba hizo ndizo zitakazokurudisha kwenye picha pale utakapotilia shaka mstari fulani.

Dhana: Kinachoonekana kama saa ni saa, na `Sort` itakipanga

Ndani ya jedwali, saa ni sehemu ya siku. Saa sita usiku ni 0, saa kumi na mbili asubuhi ni 0.25, saa sita mchana ni 0.5. Kile unachokiona, yaani 06:00 au 6:00 AM, ni vazi tu la namba hiyo. Jedwali likishindwa kuitambua saa, linaihifadhi kama maandishi, na maandishi hupangwa kwa herufi ya kwanza. Ndiyo maana "10:00" iliyo maandishi hutangulia "7:00": tarakimu 1 inakuja kabla ya 7.

Katika bao letu, Excel itatambua 12:30 AM. Haitaitambua 7:00AM, kwa kuwa hakuna nafasi kabla ya AM, wala 1900hrs, wala chochote kinachoanza na neno "saa". Ukipanga safu iliyochanganyika hivyo, namba zitakaa juu na maandishi chini. Dalili yake ni hii: utaona kama orodha mbili, kila moja ikijipanga kivyake. Huhitaji kusubiri hadi uone dalili hiyo. Kama saa zako zilizosafishwa zimo kwenye safu ya C, linganisha hizi mbili:

```
=COUNT(C2:C8)
=COUNTA(C2:C8)
```

Ya kwanza huhesabu namba tu, ya pili huhesabu kila seli iliyojazwa. Zikitofautiana, kuna saa ambazo bado ni maandishi.

Na unapopanga, chagua jedwali zima, usichague safu ya saa peke yake. Ukipanga safu moja tu, saa zitahama na majina yatabaki pale pale, na basi la Arua litapewa saa ya Kasese.

Dhana: 8.30 na 8:30 ni kitu kimoja

Kwa msomaji ni kitu kimoja. Kwa jedwali, 8.30 ni namba ya desimali, sawa na 8.3. Tena inapita ule ukaguzi wa `COUNT` bila shida, kwa kuwa ni namba kweli. Ukiipa muundo wa `hh:mm`, itaonyesha 07:12. Jedwali limeielewa kuwa siku nane na sehemu tatu za kumi za siku, na sehemu tatu za kumi za saa 24 ni saa saba na dakika kumi na mbili. Vivyo hivyo 14.00 itaonyesha 00:00. Ukiona 07:12 au saa nyingine isiyo ya kawaida kwa basi, tafuta nukta kwenye maandishi ya awali. Kama maandishi ya awali yako safu ya B, dawa yake ni hii:

```
=TIME(INT(B4),ROUND(MOD(B4,1)*100,0),0)
```

Kompyuta nyingine hutaka nukta-mkato badala ya mkato ndani ya fomula, kulingana na nchi iliyochaguliwa kwenye mipangilio. Fomula ikikataa, jaribu hivyo kwanza.

Dhana: Ili kubadili saa ya Kiswahili, ongeza sita tu

Hapa ndipo watu hukosa mabasi. Kuongeza sita hufanya kazi asubuhi: saa 3 asubuhi inakuwa 09:00. Lakini saa 12 jioni ukiiongezea sita unapata 18, ilhali saa 12 asubuhi nayo ukiiongezea sita unapata 18 hiyo hiyo, na hiyo si kweli, kwa sababu saa 12 asubuhi ni 06:00. Saa 4 usiku nayo ingekuwa 10:00, yaani mchana kweupe.

Njia salama ni kugawa siku mara mbili. Kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 11 jioni, andika "mchana". Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 11 alfajiri, andika "usiku". Weka saa kwenye safu ya D na kipindi kwenye E, kisha:

```
=MOD(MOD(D2,12)+IF(E2="usiku",18,6),24)/24
```

Nusu iandike .5 na robo .25, kwa hiyo saa tatu kasorobo ni 2.75. Kwa bao letu, Fort Portal inatoka 09:00, Nairobi 18:00, Arua 22:00.

Je, Arua ni 22:00 kweli? Fomula imefuata hesabu ya Kiswahili, lakini aliyeandika bao huenda alikuwa anafikiri kwa saa ya Kiingereza. Uganda mazoea haya mawili yanaishi pamoja, kwani Kiganda nacho huhesabu saa kama Kiswahili, ilhali ofisi nyingi huandika kwa AM na PM. Mara nyingine kipindi chenyewe kinatoboa siri. "Saa 8 asubuhi" haiwezi kuwa hesabu ya Kiswahili, kwa kuwa saa nane yetu ni ya mchana au ya usiku. Mwandishi alimaanisha 08:00. "Saa 6 jioni" vilevile ni 18:00. Lakini "saa 4 usiku" inaweza kuwa 22:00 au 04:00, na mabasi huondoka saa zote mbili. Hakuna fomula itakayoamua. Vivyo hivyo 8.30 ya Gulu, isiyo na AM wala asubuhi. Mistari ya aina hii ipake rangi, kisha piga simu ofisini na uulize kwa namna isiyoacha mlango wazi: "Basi la Arua linaondoka kabla ya saa sita usiku au baada yake?" Ukiuliza "ni saa nne?", utajibiwa ndiyo, na utabaki ulipokuwa.

Tuseme umejibiwa kwamba Arua ni kabla ya saa sita usiku, na Gulu ni asubuhi. Jedwali linatoka hivi:

```
00:30   Kasese
07:00   Mbarara
08:30   Gulu
09:00   Fort Portal
18:00   Nairobi
19:00   Kigali
22:00   Arua
```

Kasese imekaa juu kwa sababu 12:30 AM ni nusu saa baada ya saa sita usiku. Saa ya mchana ingeandikwa 12:30 PM. Abiria mwenye tiketi ya Ijumaa ya basi hilo anatakiwa awe paki Alhamisi usiku. Akifika Ijumaa usiku, basi lake limeshaondoka karibu siku nzima iliyopita. Pembeni ya mstari huo ongeza maneno "usiku wa kuamkia" na jina la siku.

Dhana: Muda wa safari ni saa ya kufika kutoa saa ya kuondoka

Basi la usiku likivuka saa sita, utoaji huo huzaa namba hasi, na Excel huonyesha alama za ####. Tumia hii, C ikiwa saa ya kuondoka na F ya kufika:

```
=MOD(F2-C2,1)
```

Kwa Nairobi inatosha, maana Kenya na Uganda zinatumia saa zile zile. Kwa Kigali haitoshi. Rwanda iko saa moja nyuma ya Uganda, kwa hiyo ukivuka Katuna unarudisha saa nyuma. Basi likiondoka Kampala 19:00 na ratiba ikisema linafika 05:00 kwa saa ya Kigali, fomula itasema saa 10, lakini abiria amekaa kitini saa 11. Ongeza `+1/24` mwishoni mwa fomula kwa mstari huo. Fanya hivyo pia kwa Goma na Bunia, na kwa Juba, kwani Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja tarehe 1 Februari 2021. Ratiba ya zamani ya Juba uliyoipiga picha kabla ya hapo isichanganywe na mpya.